Kusoma histogramu ya DNA: jinsi ya kutenganisha seli zilizotulia, zinazonakili DNA na zinazokaribia kugawanyika

Limfosaiti zinazozunguka kwenye damu ya mtu mzima mwenye afya karibu zote zimetulia. Hazinakili DNA, hazijiandai kugawanyika. Ukiziweka kwenye chupa ya kuoteshea pamoja na fitohemaglutinini, protini inayopatikana kwenye maharage mekundu, baada ya siku mbili tatu nyingi kati yake huamka na kuanza kugawanyika. Peter Nowell aliripoti jambo hili mwaka 1960, na hadi leo maabara za kromosomu huitumia protini hiyo hiyo. Kwenye mwongozo huu nitaiita PHA, kama inavyoandikwa kwenye chupa.

Nimechagua limfosaiti kwa sababu ni darasa zuri la kusoma histogramu ya DNA. Chupa isiyo na PHA inakuonyesha seli zilizotulia zinavyoonekana, na chupa yenye PHA inakuonyesha hatua zote kwa pamoja. Halafu kuna ugumu mmoja unaofundisha kuliko yote: PHA, kama jina lake refu linavyosema, hugandisha seli. Seli mbili zilizotulia zikigandana, mashine ya saitometa ya mtiririko, inayopima mng'ao wa kila seli ikipita mbele ya leza, huziona kana kwamba ni seli moja inayokaribia kugawanyika. Anayejifunza kulitambua hilo kwenye limfosaiti atalitambua popote.

Mchoro unapima nini

Seli iliyotulia (G0) na ile iliyoamka lakini haijaanza kunakili (G1) zote zina seti mbili za kromosomu. Tuuite mzigo huo wa DNA 2n. Seli inayonakili (S) iko safarini kutoka 2n kwenda 4n. Iliyomaliza kunakili na kungoja kugawanyika (G2), pamoja na ile iliyo katikati ya kugawanyika (M), zina 4n.

Propidiamu ayodaidi ni rangi inayojipenyeza kati ya ngazi za DNA. Leza ya bluu ya nanomita 488 ikiipiga, hung'aa rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu. Seli yenye DNA maradufu hung'aa takriban maradufu. Kwa hiyo mhimili wa chini wa histogramu ni wingi wa mng'ao, yaani wingi wa DNA, na mhimili wa wima ni idadi ya seli. Kilima kirefu cha kushoto ni G0 na G1, kilima kifupi cha kulia ni G2 na M, na bonde lililo kati yake ni S. Nadharia ni hiyo tu. Kazi ipo kwenye kuhakikisha kwamba unachokiona ndicho hicho.

Hatua ya 1: Andaa sampuli kwa namna ambayo mchoro utasomeka

Sitaeleza uoteshaji wote, ila mambo matatu ya maandalizi yataonekana moja kwa moja kwenye mchoro.

La kwanza ni ethanoli. Seli huhifadhiwa kwa ethanoli baridi ya asilimia 70, angalau saa mbili kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukimimina ethanoli yote juu ya seli kwa mkupuo, zitashikana mabonge. Weka seli kwenye kimiminika kidogo cha chumvi, zitikise taratibu kwenye mashine ya kutikisa, kisha dondosha ethanoli tone baada ya tone. Bonge lililotengenezwa hapa haliondoki tena kirahisi.

La pili ni RNA. Rangi yetu haichagui DNA peke yake. Hushika pia sehemu za RNA zilizojikunja zikawa nyuzi mbili. Ndiyo maana tunaongeza kimeng'enya cha kuvunja RNA, kwa kawaida mikrogramu 100 kwa mililita, pamoja na mikrogramu 50 za rangi, kwa nusu saa kwenye nyuzi 37. Kwa limfosaiti hili ni muhimu kuliko kwa seli nyingine nyingi, kwani seli iliyoamshwa na PHA hujaza RNA nyingi sana kuliko iliyotulia. Kimeng'enya kikiwa hafifu, sampuli yenye PHA itang'aa zaidi hata kama DNA yake haijaongezeka.

La tatu ni idadi ya seli. Hesabu seli kwenye kila mrija na uzilinganishe, takriban milioni moja kwa mililita. Mrija wenye seli nyingi kupita kiasi hugawana rangi ileile kwa wengi, na vilima vyote husogea kushoto.

Hatua ya 2: Weka mashine sawa kwa kutumia sampuli tulivu

Anza na mrija usio na PHA. Chagua mizani ya mstari, si ya logi. Kwenye logi umbali kati ya 2n na 4n hubanwa, na huwezi kupima kama kilima cha pili kiko mara mbili ya cha kwanza.

Rekebisha volteji ya kipokea mwanga mpaka kilima cha kwanza kikae kwenye robo ya kwanza ya mizani. Katika mfano wangu mizani ina chaneli 1,024, na kilima nimekiweka kwenye chaneli 200. Hapo 4n itaangukia karibu na 400, na nafasi itabaki ya kuona 6n kwenye 600 na 8n kwenye 800. Usiione nafasi hiyo ya kulia kuwa ni ya bure; utaihitaji kwenye hatua ya 3. Ukishaweka volteji, usiiguse tena hadi sampuli zote za siku hiyo ziishe.

Endesha mashine kwa kasi ya chini kabisa. Ukiiharakisha, mkondo wa sampuli hunenepa, seli hupita pembeni mwa leza badala ya katikati, na vilima hupanuka. Kukusanya seli 20,000 kwa utulivu kunalipa kuliko 100,000 za haraka.

Hatua ya 3: Ondoa migando kabla hujaangalia histogramu

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na niliwahi kukosea mimi mwenyewe. Katika kazi zangu za mwanzo nilimpa mwalimu wangu histogramu iliyoonyesha kwamba sehemu ya tano ya limfosaiti zilikuwa zikikaribia kugawanyika. Aliniuliza swali moja tu: kilima kile kidogo kwenye 600 ni cha nini? Sikuwa nimekiona.

Seli ya kawaida haina sababu ya kukaa kwenye 6n. Ukiona kilima hapo, mara nyingi ni seli tatu za 2n zilizogandana. Na kama kuna migando ya tatu tatu, migando ya mbili mbili ipo mingi zaidi, imekaa kwenye 400, ndani ya kilima unachokiita G2 na M. Histogramu yenyewe haiwezi kuitenga, kwa sababu inajua jumla ya mng'ao tu.

Kinachoitenga ni umbo la mpigo wa mwanga. Kila kitu kinachopita mbele ya leza hutoa mpigo ambao mashine huupima kwa namna tatu: kimo chake, upana wake, na eneo lake lote. Eneo ndilo DNA yote. Upana ni muda ambao kitu kilichukua kuvuka leza. Seli moja ya G2 ina kiini kimoja kikubwa kidogo, kwa hiyo upana wake unazidi kidogo tu ule wa seli ya G1. Seli mbili za G0 zilizogandana hupita moja baada ya nyingine. Eneo lake ni lile lile la G2, lakini upana ni mkubwa zaidi na kimo ni kifupi.

Kwa hiyo fungua mchoro wa nukta wenye `PI-A`, yaani eneo la mpigo wa propidiamu ayodaidi, kwenye mhimili wa chini na `PI-W`, yaani upana wake, kwenye ule wa wima. Utaona wingu zito la 2n, mkia wa S ukielekea 4n karibu kwa usawa, halafu wingu la pili la 4n. Juu ya wingu hilo la pili, kwa eneo lile lile lakini upana mkubwa zaidi, kuna wingu jingine: hilo ndilo migando. Chora geti, yaani mpaka unaochagua seli za kuhesabiwa, inayofuata mstari wa seli moja moja na kuliacha hilo la juu nje. Iache geti iwe na nafasi kidogo upande wa 4n, maana seli za G2 na M ni pana kiasi, na zinazogawanyika huwa na umbo refu. Ukiibana sana utazitupa seli halali.

Mashine yako ikiwa haina upana, tumia `PI-H`, yaani kimo, kwenye mhimili wa wima dhidi ya `PI-A`. Seli moja moja hukaa kwenye mshazari ulionyooka, na migando huanguka chini ya mshazari huo.

Kuna migando ambayo geti hii haiioni: ile iliyopita ubavu kwa ubavu mbele ya leza, ikaonekana nyembamba. Ndiyo sababu geti haiondoi wajibu wa kuchuja sampuli kwenye chujio la mikromita 35 au 40 na kuivuta na kuisukuma kwa pipeti kabla ya kusoma.

Hatua ya 4: Pima ubora wa kilima cha kwanza

Sasa fungua histogramu ya `PI-A` ya seli zilizobaki ndani ya geti. Kabla ya asilimia zozote, pima wembamba wa kilima cha kwanza. Kipimo chake, yaani mtawanyiko wa kilima kama asilimia ya chaneli ya kilele, huandikwa CV kwenye programu. Ukitaka kukihesabu mwenyewe, tafuta upana wa kilima katika nusu ya kimo chake, kisha:

```
CV (%) = (upana / 2.355) / chaneli ya kilele x 100
```

Katika mfano wetu upana ni chaneli 15 na kilele kiko kwenye 200. Kumi na tano ukigawa kwa 2.355 unapata 6.4, na 6.4 ni asilimia 3.2 ya 200. Hiyo ni CV nzuri. Kwa limfosaiti mimi huridhika chini ya 5; ikifika 8, narudi kwenye sampuli.

Sababu ya ukali huo ni bonde. Seli nyingi za kilima hukaa ndani ya mitawanyiko miwili kila upande wa kilele. Kwa CV ya 3.2, kilima cha kwanza kinaishia karibu chaneli 213, na cha pili, chenye kilele kwenye 392, kinaanzia karibu 367. Kati yake kuna chaneli 154 ambamo karibu kila seli ni ya S. Ukiwa na CV ya 8, kilima cha kwanza kinafika 232 na cha pili kinaanzia 329. Bonde limebaki na chaneli 97. Seli za S hazijapungua hata moja, ila zimefunikwa na vilima viwili vilivyonenepa.

Angalia pia uwiano wa vilele. Kwa wetu, 392 ukigawa kwa 200 ni 1.96. Uwiano kati ya 1.9 na 2.0 ndio unaotegemewa. Mara nyingi haufiki 2 kamili kwa sababu ya jinsi rangi inavyoingia kwenye DNA iliyokunjamana na jinsi mashine inavyopima. Ukipata 1.7 au 2.2, kilima hicho cha pili si G2, au mizani si ya mstari.

Mwisho wa hatua hii, linganisha kilele cha kwanza cha sampuli yenye PHA na kile cha sampuli tulivu. Vinapaswa kukaa karibu sana. Kromatini ya seli tulivu imebanwa zaidi, kwa hiyo tofauti ndogo haishangazi. Lakini kilele cha PHA kikisogea hadi 215 au 220 na kunenepa upande wa kulia, shuku RNA kwanza. Ongeza kimeng'enya, rudisha mrija kwenye nyuzi 37 kwa nusu saa, usome upya. Kilele kikirudi kwenye nafasi yake, umepata jibu.

Hatua ya 5: Hesabu, ukianza na sampuli tulivu

Mfano wa namba utafanya jambo hili lieleweke. Tuchukue mrija usio na PHA wenye seli 15,000 ndani ya geti. Seli 14,700 ziko kwenye kilima cha 2n, 180 ziko bondeni, 60 ziko karibu na 400, na zilizobaki 60 ziko kushoto ya kilima cha kwanza. Seli hizi zimetulia, kwa hiyo hatutegemei G2 hapa. Zile 60 za kwenye 400, asilimia 0.4, kwa sehemu kubwa ni migando iliyopenya geti. Sampuli tulivu imekupimia kosa la geti yako bila gharama yoyote. Ikumbuke hiyo namba, ukijua kwamba kwenye mrija wa PHA migando inayopenya inaweza kuwa zaidi, kwa kuwa seli zenyewe zimegandishwa.

Sasa mrija wenye PHA, saa 72, vitu 20,000 vilivyosomwa. Kabla ya geti: 11,400 kwenye kilima cha kwanza, 4,300 bondeni, 3,900 kwenye kilima cha pili, na 400 kulia zaidi, nyingi zikiwa kwenye 600. Ukisoma hivyo hivyo utaandika G2 na M asilimia 19.5.

Baada ya geti zinabaki 17,000: kilima cha kwanza 11,300, bondeni 4,100, kilima cha pili 1,500, na kulia zaidi 100. Sasa kilima cha kwanza ni asilimia 66.5, S ni 24.1, na G2 pamoja na M ni 8.8. Angalia kilichotokea: kilima cha kwanza karibu hakikuguswa, kilima cha pili kimepoteza zaidi ya nusu yake, na kile cha kwenye 600 kimetoweka pamoja nacho. Vilipungua kwa pamoja kwa sababu vilikuwa kitu kimoja.

Mipaka niliyoitumia hapo ni ya kuchora kwa mkono, na ina kasoro yake. Seli iliyoanza kunakili nusu saa iliyopita bado imejificha ndani ya kilima cha kwanza, na iliyobakiza kidogo kumaliza imejificha ndani ya cha pili. Programu hutatua hili kwa hesabu. Modeli ya Watson huchukulia kila kilima kuwa na umbo la kengele na haidai lolote kuhusu umbo la S. Modeli ya Dean, Jett na Fox huichora S kwa mkunjo laini uliotandazwa kwa mtawanyiko uleule wa vilima. Kwa CV ya 3 zote mbili hukaribiana. Zikitofautiana sana kwenye sampuli moja, usichague ile inayokupendeza. Rudi uangalie CV na migando. Tumia modeli moja kwa sampuli zote unazozilinganisha, na uiandike kwenye matokeo.

Vitu vilivyo kushoto ya kilima cha kwanza visiingizwe kwenye asilimia za mzunguko wa seli. Nyingi ni seli zilizokufa zikavunja DNA yake, na vipande vyake. Seli moja iliyokufa inaweza kutoa vipande kadhaa, kwa hiyo idadi ya vipande haikuambii ni seli ngapi zimekufa.

Hatua ya 6: Jua kilima cha kwanza kinaficha nini

Asilimia 66.5 kwenye kilima cha kwanza haisemi kwamba theluthi mbili ya seli zimelala. Ndani yake kuna makundi matatu: limfosaiti ambazo hazikuitikia PHA kabisa, zilizoamka lakini bado hazijaanza kunakili, na zile zilizokwisha kugawanyika mara moja au zaidi na watoto wake wakarudi kwenye 2n. DNA yao ni sawa, na rangi hii haina uwezo wa kuwatofautisha. Vivyo hivyo kwenye kilima cha pili, G2 na M zina 4n zote. Kuitenga M kunahitaji kingamwili dhidi ya histoni H3 yenye fosfati kwenye serini ya 10, na kuitenga G0 kunahitaji alama kama Ki-67, ambayo seli tulivu haina, au rangi ya pili inayopima RNA.

Ukitaka kuliona hili kwa macho bila kununua kingamwili, otesha mrija wa tatu wenye PHA na uusome baada ya saa 24 tu. Histogramu ya DNA itafanana sana na ya sampuli tulivu: kilima kimoja kwenye 200, bonde karibu tupu. Sasa, kwa seli zilezile, fungua mchoro wa `FSC-A`, unaoonyesha ukubwa. Hapo utakuta nyingi zimeshakua kuliko zile za mrija tulivu. Zimeamka na zinajiandaa kunakili, zikiwa bado chini ya kilima kilekile cha seli zilizolala.